Uzi wa Shingo ya Leonida

Mafundi cherehani wa zamani wa Ujiji hawakuandika vipimo. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Fundi alikupima kimya kimya, midomo imebana pini, kisha akafunga vifundo kwenye uzi mnene: kifundo cha shingo, cha kifua, cha kiuno, cha nyonga. Mwisho wa uzi alifunga kipande kidogo cha kitambaa cha nguo yako ya kwanza, ili aukumbuke, na akautundika kwenye msumari ukutani. Ulipohama mji, au ulipoamua kwenda kwa fundi mwingine, ulimwendea ukaomba uzi wako, naye alikupa bila kuuliza sababu. Leo fundi anakupima barazani huku anapaza sauti, mwenzake anaingiza tarakimu kwenye simu, na kabla hujavaa viatu mtaa mzima umeshajua kiuno chako. Hayo ndiyo wanayoyaita maendeleo.

Verediana wa Gungu alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na nyuzi. Alifundishwa kazi na mzee Anatoli, fundi wa Ujiji aliyekwisha kufa, na kitu cha kwanza alichofundishwa kilikuwa kunyamaza, kabla hata ya kukanyaga cherehani. Mzee Anatoli alimkataza kutaja chochote anachokiona mwilini mwa mteja. Bega moja likiwa chini, weka pedi usiseme. Mguu mmoja ukiwa mfupi, kunja pindo usiseme. Binti wa watu akija na kiuno kilichoongezeka ghafla, acha nafasi ya kutosha mbavuni, usiseme, wala usimtazame usoni.

Kwa hiyo wanawake walimpenda. Na waliompenda zaidi ni wale wa milimani, waliozaliwa Kasulu na Buhigwe enzi ambazo chumvi yenye madini joto haijafika huko, wakashuka mjini kuolewa au kufanya biashara. Wengi wao walikuja na rovu, uvimbe ule wa shingoni. Mmoja rovu lake kama yai, mwingine kama ngumi. Kwao haikuwa ugonjwa. Bibi alikuwa nalo, mama alikuwa nalo, ni shingo ya ukoo. Lakini mjini watoto wanaonyesha vidole, na Verediana alijua kukata kola ya juu yenye marinda laini ambayo jicho linayafuata hayo marinda na kusahau shingo. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Nifichie rovu." Na yeye hakuwahi kusema, "Nitakufichia." Ilikuwa inaeleweka tu.

Leonida alikuwa mmoja wao. Aliuza mawese Mwandiga, mjane, mkubwa kwa Verediana kwa miaka michache, na uzi wake ulikuwa na kipande cha kitenge cha buluu chenye samaki. Alikuwa akimwita Verediana mdogo wangu, ingawa hawakuwa na undugu wowote. Akishuka na pikipiki kutoka Mwandiga, chupa ya mawese mapya mkononi, alianza kuita kwa salamu ya Kiha akiwa bado barabarani:

"Mwakeye, mdogo wangu! Cherehani imekula au nayo inafunga?"

"Shikamoo dada. Imekula vitenge vyako."

"Marahaba. Basi itapike, Jumapili nina kipaimara."

Ndivyo walivyoishi miaka mingi, na pengine ndivyo wangeishi mpaka mmoja amzike mwenzake, kama Verediana angebaki kuwa fundi.

Yule aliyempa kazi ya pili hakuwa mtu mbaya. Elinipa ni mtumishi wa halmashauri, mwenyeji wa Same, amepangishwa Katubuka. Alipohamishiwa Kigoma alikaa miezi mingi bila kulala. Kazi nyingi, mkuu wake mkali, watoto kawaacha kwa bibi yao. Dada yake ni mfamasia huko Moshi, akamtumia makopo ya vidonge vya unga wa mzizi unaoitwa ashwaganda, dawa ya Wahindi ya tangu zamani. Siku hizi wanaiweka kwenye kundi moja na jinsengi na mengine ya aina hiyo, mimea inayosemekana kuusaidia mwili kuhimili msongo. Elinipa alimeza, baada ya wiki kadhaa akaanza kulala. Akaja kushonesha sare ya kanisani, akamkuta Verediana naye ana macho mekundu.

"Fundi, hulali?"

"Nalala wapi, mama. Nikifumba macho naona mafuta ya cherehani, ada ya shule, na mama mkwe."

"Mama mkwe naye ana mafuta?"

"Huyo ndiye cherehani yenyewe. Hainyamazi."

Elinipa akacheka, akampa kopo. Na kwa haki yake, alimpa na maneno ya dada yake, neno kwa neno, kwa sababu dada mtu alikuwa amesisitiza. Kwamba tafiti zipo, lakini nyingi ni ndogo, watu makumi kadhaa, na za muda mfupi, miezi miwili mitatu. Kwamba waliomeza mzizi, kwa wastani, walisema msongo umepungua na usingizi umeongezeka kidogo kuliko waliomeza vidonge vitupu visivyo na kitu. Kwamba kampuni hii inasaga mizizi, ile inakamua majani, kwa hiyo lililopatikana kwenye kopo moja huwezi kuliapia kwenye jingine. Na kwamba mtu akimeza mwaka mzima itakuwaje, hakuna anayejua.

"Halafu kuna wasiotakiwa kugusa," Elinipa alisema, akageuza kopo na kuweka kidole kwenye maandishi madogo. "Mjamzito, inaweza kumharibia mimba. Anayenyonyesha. Mwenye ugonjwa wa ini, maana kuna watu ini limewauma baada ya kuitumia. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo, kwa sababu inaweza kuichochea tezi. Wale ambao kinga ya mwili inawashambulia wenyewe. Anayemeza dawa za usingizi, za kifafa, za sukari, za presha, asijichanganyie mwenyewe bila daktari. Na anayekwenda kupasuliwa aiache mapema."

"Tezi ya shingo ndiyo ile inayovimba?" Verediana aliuliza, akagusa koo lake.

"Ndiyo hiyo."

Kwa hiyo alijua. Hili nalisema mapema ili msomaji asimtafutie kisingizio ambacho yeye mwenyewe hakukitafuta.

Verediana akameza, na kweli akalala vizuri zaidi. Akawasimulia wateja. Wateja wakataka. Elinipa akamwagizia makopo zaidi kwa dada yake, na rafu ya nyuzi na zipu ikapata wageni wenye lebo ya kijani. Mambo yenyewe ndiyo hayo ya sasa: hospitali unapanga foleni, barazani kwa fundi unakaa kwenye kiti, unapewa na maji ya kunywa.

Zamani mama wa dawa hakukupa kitu mpaka aje kwako. Atakuja, atakaa jikoni, atakutazama unavyokula, unavyopumua ukipandisha ndoo, ataomba mkono wako, ataomba ulimi, atakushika shingo kwa vidole vyote. Alikuuliza maswali ambayo hata mumeo hakuthubutu, na hukukasirika, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Sisemi dawa zake zote zilifaa. Nyingine ziliua. Nasema hakuona haya kuuliza. Fundi cherehani naye alikuwa na kazi yake, na kazi yake ilikuwa kutouliza. Hizo ni kazi mbili ambazo wazee hawakuziweka kwenye baraza moja.

Mwanzoni Verediana alijitahidi. Binti mmoja wa Gungu alikuja anataka kopo, na Verediana alikuwa amempima wiki moja kabla, akaona kiuno kimeongezeka. Akamwambia makopo yamekwisha, huku yamejaa rafuni, lakini angalau hakumpa. Mzee mmoja wa sukari alimwelekeza akamuulize daktari kwanza, mzee akanuna akaondoka. Winfrida, jirani muuza vitumbua, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa kwa kufuli lolote, akamtungia jina.

"Dokta Cherehani! Leo unapasua au unashona?"

"Nitakushona huo mdomo."

"Utatumia uzi gani? Huo wa dukani utakatika!"

Watu walicheka, na jina likashika. Wateja wakawa wanafika wanasema, "Shikamoo Dokta," nusu utani, nusu kweli. Na Verediana, aliyeishia darasa la saba kwa sababu baba yake aliona inatosha, alianza kulipenda lile jina. Alikuwa akijifanya halimhusu, anaendelea kukanyaga cherehani, lakini mgongo ulikuwa unanyooka.

Hapo ndipo Leonida alipokuja, na safari hii hakuita kutoka barabarani. Alishuka kwenye pikipiki akakaa kwenye benchi, anajipepea kwa upande wa khanga, na ilikuwa asubuhi, upepo wa ziwani unavuma mpaka vitambaa vinapeperuka. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio.

"Dada, umekimbia?"

"Nimekuja na pikipiki, mdogo wangu. Pikipiki ndiyo imekimbia." Akajaribu kucheka. "Nimekuja unipunguzie gauni. Limekuwa gunia."

Verediana akamwingiza ndani, akavuta pazia, akatoa tepu, na akatoa ule uzi wenye kitambaa cha samaki. Kiuno kilikuwa kimeingia ndani ya kifundo, mbali. Nyonga pia. Kifua pia. Lakini shingoni tepu ilipita kifundo kwa upana wa kidole. Alipokuwa ameishika pale, mgongo wa mkono wake ukaigusa ngozi, na chini ya ngozi kitu kilikuwa kinapiga haraka, kama cherehani inayokanyagwa mbio. Alifungua kifundo cha shingo, akakifunga upya, mbele. Cha kiuno akakirudisha ndani.

"Unakula, dada?"

"Nakula kama nimekodishwa. Sahani ya ugali wa muhogo na migebuka miwili ya ziwani, na baada ya saa nasikia njaa. Lakini nyama haishiki." Akainua mikono. Vidole vilikuwa vinatetemeka. "Ona. Juzi nimemwaga mawese ya mteja, nikaambiwa nimeanza kunywa. Mimi! Silali, Vere. Moyo unanienda mbio nimelala tu kitandani. Tangu nimzike baba Catherine nilikuwa najikaza, sasa naona msiba umenirudia wote kwa pamoja. Catherine anasema ni msongo."

Catherine ni binti yake, amemaliza chuo, ana duka la vifaa vya simu mjini.

"Na wewe una dawa ya msongo," Leonida akasema. "Soko zima la Mwandiga wanaisema. Wewe umempa kila mtu, dada yako unaniacha nife na macho wazi?"

Walikuwa wawili tu nyuma ya pazia. Hakukuwa na Winfrida, hakukuwa na wateja. Tepu ilikuwa bado mkononi mwa Verediana, na shingo ilikuwa pale, mbele yake, haijafichwa na kola yoyote. Kulikuwa na maneno machache tu ya kusema: dada, una rovu, na dawa hii si ya mwenye rovu, nenda hospitali wakakupime. Yule mzee wa sukari alikuwa ameshamwambia maneno kama hayo. Lakini ile shingo alikuwa ameinyamazia tangu gauni la kwanza, na kila gauni lililofuata lilikuwa ahadi nyingine ya kuinyamazia. Kuitaja sasa ilikuwa ni kama kumwambia, miaka yote hii nilikuwa naitazama.

Akauliza kwa kuzunguka.

"Dada, huna maradhi mengine? Hakuna dawa unazomeza?"

"Maradhi gani? Mimi mzima. Sijawahi kulazwa ila kujifungua."

"Sina hakika kama itakufaa..."

"Mbona wengine ulikuwa na hakika? Au ni mpaka niseme shikamoo Dokta?"

Alisema kwa utani, na Verediana akacheka, na akiwa anacheka akampa kopo. Akamweleza: kimoja asubuhi, kimoja jioni baada ya kula, usikatishe, inachukua wiki kadhaa. Alimweleza vizuri sana. Akapunguza gauni mbavuni, na kola akaiongezea marinda.

Baada ya wiki kadhaa Leonida alituma mtu kuomba kopo la pili, na Verediana akalipeleka mwenyewe mpaka Mwandiga, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajadhuru. Alimkuta amekaa nyuma ya madumu yake, macho yamekuwa makubwa, yanang'aa kama ya mtu aliyeshtuliwa. Kila mtu anayepita alimuuliza anaendeleaje, na kila mtu alijibiwa, "Naendelea vizuri, Vere ananitibu." Verediana alisikia lile neno, ananitibu, akaweka kopo juu ya dumu akaondoka haraka, akisingizia nguo za harusi.

Leonida alianguka siku ya soko. Wanasema alikuwa anapima mafuta kwenye kopo la mteja, mawese yakamwagika kwenye vumbi jekundu, akafuata na yeye. Wakampakia kwenye gari la Noah mpaka hospitali ya mjini.

Verediana alifika saa ya kuona wagonjwa. Wodi ilikuwa imejaa: watu na makapu, chupa za uji, harufu ya dagaa wa kukaangwa, na dirishani ziwa limetulia, maji ya buluu mpaka milima ya Kongo. Leonida alikuwa amelazwa kwa kuinuliwa mto, amevaa gauni la hospitali lisilo na kola. Ilikuwa mara ya kwanza Verediana anaiona ile shingo mbele za watu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaitazama waziwazi, na wageni wake pia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeona wamenivisha nini? Fundi wao hajui kazi." Sauti ilikuwa ndogo, inakatika. Catherine alikuwa amekwenda kuchukua majibu ya vipimo. Leonida akamvuta Verediana karibu, akaushika mkono wake kwa vidole vya moto, vinavyotetemeka. "Daktari kaniuliza kama kuna dawa ya kienyeji nimekunywa. Nimemwambia hakuna. Sijakutaja, usiwe na wasiwasi."

Verediana akamsogezea mto.

"Na sijakatisha," Leonida aliendelea, akionyesha kwa kidevu kapu lililo chini ya kitanda, ambamo kona ya lebo ya kijani ilikuwa inachungulia kwenye khanga. "Ya leo nimeshameza. Uliniambia nisikatishe."

Mambo mengine yanamwumiza mtu kwa sababu ametukanwa. Haya yalimwumiza kwa sababu ametunzwa. Mgonjwa amelala hoi, roho juu, na bado anamlinda fundi wake kwa ule ule ukimya ambao fundi alimlinda nao yeye.

Akasema anakwenda kununua maji. Akatoka wodini, akapita kwenye korido, akapita geti, akapanda pikipiki, akamwambia dereva Gungu. Dereva, kijana mwenye redio kifuani, akaanza kushuka kilima. Walipofika barabara kuu Verediana akasema, "Nirudishe."

"Mama, umesahau kitu?"

"Nirudishe tu, mwanangu."

"Freshi. Ila ni safari mbili hizo."

"Hata ziwe ngapi."

Daktari alikuwa kijana, jina lake Crispin, si mwenyeji wa mkoa huu. Alikuwa amesimama kando ya kitanda akiongea na Catherine. Hakuvuta mtu pembeni. Siku hizi hawavuti mtu pembeni, na siku ile hata pembeni pa kumvutia hapakuwapo. Verediana angeweza kusubiri atoke. Hakusubiri, kwa sababu alijijua, alijua akisubiri atakwenda tena kununua maji. Akainama, akatoa kopo kapuni, akalinyoosha.

"Daktari, anameza hii. Mimi ndiye niliyempa."

Leonida akafumba macho.

Daktari akalizungusha kopo, akasoma. "Ashwaganda. Kwa muda gani?"

"Anamaliza la pili."

"Ya mwisho kameza lini?"

"Leo. Hapa kitandani."

Catherine akageuka akamtazama mama yake, kisha Verediana. Daktari aliongea bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema moyo wa mama unapiga haraka mno na bila mpangilio. Alisema anaamini tezi ya shingo imekuwa ikifanya kazi kupita kiasi kwa muda mrefu, na kukonda, kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, vyote vimetoka hapo. Ukivitazama kwa juu unaviita msongo. Damu itapelekwa Mwanza kupima homoni, lakini matibabu ya kutuliza moyo na kuipunguza tezi hayatasubiri.

"Ni hii dawa ndiyo imemwangusha?" Catherine aliuliza.

"Siwezi kuapa. Tezi ilishaanza kabla yake. Lakini kuna watu ambao mzizi huu umewapandisha homoni za tezi, na wapo walioletwa hospitali na moyo wa namna hii. Mtu kama mama hakutakiwa kuigusa. Nitampima na ini. Na afadhali tumejua sasa, kwa sababu nilikuwa nafikiria kumpa kitu cha kumlaza usingizi, na hii nayo inaleta usingizi. Vingekutana." Akamgeukia Verediana. "Uliposoma hapa, uliona pameandikwa tezi?"

"Niliona."

"Na ulijua ana rovu?"

Hapo alikuwa na mlango wa kutokea. Shingo ilikuwa siku zote imefunikwa, kwa kola alizozikata yeye mwenyewe kwa ustadi. Angesema hapana, na hakuna mtu wodini angeweza kumpinga, isipokuwa mmoja, ambaye alikuwa amefumba macho na asingempinga.

"Nilijua. Nimempima mwenyewe. Nilijua limekua, na nilijua anakonda."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

Verediana angemwambia nini kijana wa mbali, aliyesoma, ambaye kwake shingo ni shingo? Angemweleza habari za mzee Anatoli na pini mdomoni? Na habari za lile jina, Dokta, angezisemaje?

"Niliona haya," akasema.

Mgeni wa kitanda cha pili akacheka kidogo puani. Catherine akasema, taratibu, bila kupaza sauti, "Mama amekuwa akikusifia mpaka kwa wanunuzi wangu," akamgeuzia mgongo akaanza kumnyoosha mama yake shuka. Daktari akaondoka na kopo. Verediana akatoka, mikono mitupu, na safari hii alirudi Gungu kwa miguu.

Makopo yaliyobaki alimrudishia Elinipa. Elinipa alisikitika, akasema lakini nilikwambia, na kweli alimwambia. Yeye mwenyewe anaendelea kumeza, haijamdhuru, na analala. Sina la kumlaumu. Verediana alizunguka pia kwa wote aliowauzia, mlango kwa mlango, akauliza yale ambayo hakuuliza: una mimba, unanyonyesha, unameza dawa gani, nionyeshe shingo. Wapo waliomjibu. Wapo waliomwambia hapa si kwako pa kuuliza hayo, wewe tushonee nguo. Winfrida alipoanza, "Dokta..." akamwona uso, akageukia vitumbua vyake, na jina likafa siku hiyo, ingawa barazani kila mtu alikuwa anajua limefia wapi.

Leonida alipona, kwa maana ya kupona ambayo hospitali inaijua. Anameza vidonge vya tezi kila siku, anakwenda kliniki, mikono imetulia, mafuta hayamwagiki. Alikaa muda mrefu bila kushuka Gungu. Kisha siku moja, cherehani ikiwa inakwenda, pikipiki ikasimama, na hakuna aliyeita kutoka barabarani.

Alikuwa amenenepa, mashavu yamerudi. Alivaa blauzi ya mtumba yenye kola ya kiume, imefungwa kifungo cha juu kwa kubana, na kwa sababu ya kubana huko rovu lilionekana zaidi kuliko lingeachwa wazi. Verediana alisimama haraka mpaka mkasi ukaanguka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, fundi."

Fundi. Si mdogo wangu, wala si Vere. Alilisema kwa adabu kamili, kama mtu anavyomwita fundi yeyote wa barabarani.

"Karibu ukae, dada. Nikuletee maji."

"Nashukuru, sikai. Dereva ananisubiri." Akasimama ukingoni mwa baraza, hakupanda. "Nimekuja kuchukua uzi wangu."

Winfrida, aliyekuwa na kitumbua kwenye kijiti, hakukigeuza. Kiliungua upande mmoja.

Verediana akaingia ndani. Uzi ulikuwa kwenye msumari wake, kitambaa cha samaki kimefifia. Alikumbuka vile vifundo alivyovisogeza: cha kiuno ndani, cha shingo mbele. Akatoka nao.

"Dada, huu hauko sawa tena," akasema. "Vipimo vyake ni vya kipindi kile. Umenenepa, na shingo..." Akalisema neno. "Rovu nalo litakuwa limebadilika, sasa unatibiwa. Nikupime upya, nikufungie vizuri, ndipo uupeleke utakakoupeleka. Sitakutoza."

Leonida alimtazama. Pengine aliona kwamba ni mara ya kwanza yule mwanamke kulitamka lile neno mbele yake, maana hata wodini daktari ndiye aliyelitaja. Akanyoosha mkono.

"Nipe hivyo hivyo, fundi."

Akapokea, akauviringa kwenye kidole, akautia kwenye kipochi, akapanda pikipiki kuelekea Mwandiga. Msumari ule Verediana hakuwahi kuutundikia uzi mwingine. Wateja wakimpelekea nguo sasa anawauliza kabla ya kutoa tepu kama wana uvimbe, kama wana maumivu, na wengi hawarudi, kwa sababu hawakuja kwake kuulizwa. Wanakwenda kwa wale vijana wanaopima barazani huku wanapaza sauti.